Kiingereza Kinapouliza, Alama ya Wakati Hukaa Wapi?

Jioni magari ya watalii yanaporudi Karatu kutoka Ngorongoro, dada wa mapokezi katika nyumba ya wageni huwa na maswali yale yale ya kuuliza. Mmefika saa ngapi? Dereva wenu analala hapa? Chai ya asubuhi mnataka saa ngapi? Nani aliweka nafasi ya vyumba? Kwa Kiswahili angeyauliza huku akitafuta funguo. Kwa Kiingereza anayawaza kwanza, na si kwamba Kiingereza hakijui. Maneno anayo, na ukimwacha asimulie habari za faru anasimulia bila kukwama. Lugha humgeuka anapouliza. Utamsikia akisema "Does your driver sleeps here?", kisha "When did you arrived?", na anapotaka kuwa mwenye adabu zaidi, "Could you tell me where does your driver sleep?"

Mgeni anamwelewa na kujibu, na kazi inaendelea. Lakini makosa hayo matatu yanayoonekana kuwa mbalimbali yana mzizi mmoja, na mtu akiuona hahitaji tena kukariri orodha ndefu ya kanuni.

Tuanzie nyumbani. Kiswahili kikiuliza hakihamishi kitu. "Dereva analala hapa" ni taarifa, na "Dereva analala hapa?" ni swali, kilichobadilika ni sauti tu. Ukipenda unatanguliza "je", usipopenda unaiacha. Hata neno la kuuliza, mara nyingi, hukaa pale pale ambapo jibu lingekaa. Dereva analala wapi? Dereva analala chumba cha nyuma. Ndiyo maana kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala utasikia Kiingereza cha "Your driver is sleeping where?", nasi tunaelewana vizuri kabisa. Ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza, kila neno likiwa limebaki kwenye kiti chake.

Kiingereza hakina utulivu huo. Kikitaka kuuliza swali la ndiyo au siyo, lazima neno moja la kitenzi lije mbele ya mtenda. Palipo na neno kama "is", "can" au "will", neno hilo ndilo linaloruka: "The room is ready" inakuwa "Is the room ready?" Shida inaanza pale sentensi inapokuwa na kitenzi cha kawaida peke yake, kama "sleep", "want" au "arrive". Kiingereza cha leo hakikubali kitenzi cha namna hiyo kimtangulie mtenda. Kwa hiyo huletwa neno la kuziba pengo, nalo ni "do". Hapa halina maana yoyote ya kutenda. Limekuja kusimama mbele na kubeba alama.

Alama ndiyo kiini cha jambo lote hili. Tazama taarifa: "Your driver sleeps here." Ile herufi ya "s" mwishoni mwa "sleeps" inatuambia mambo mawili, kwamba tunazungumzia wakati uliopo na kwamba mtenda ni mmoja anayesemwa, yaani yeye. Sasa uliza: "Does your driver sleep here?" Ile "s" haipo tena kwenye "sleep". Imehamia kwenye "do", ikaifanya "does". Ni kama kijiti cha mbio za kupokezana: aliyekikabidhi anabaki mikono mitupu. Ukisema "Does your driver sleeps here?" umekimbia na vijiti viwili.

Wakati uliopita ni vivyo hivyo. "You arrived at six." Alama ya wakati uliopita imo ndani ya "arrived". Ukiuliza, "do" inaipokea na kuwa "did", na kitenzi kinarudi katika umbo lake tupu: "Did you arrive at six?" Vitenzi vinavyobadilika umbo zima ndivyo vinavyotutega zaidi. "Went" ni "go" iliyokwisha kubeba wakati uliopita, na "bought" ni "buy" iliyokwisha kuubeba. "Did" ikiingia, navyo vinautua: "Did you go to the crater?", "Did you buy the tickets?" Na "did" ina nafuu yake, kwani haijali mtenda ni nani. Mimi, wewe, yeye, sisi, wote ni "did".

Kwa nini basi "Did you went" na "Did you arrived" zinatutoka hata sisi tuliokaa miaka darasani? Nadhani sababu moja ni Kiswahili chenyewe. Tukiweka vitenzi viwili pamoja, kila kimoja hubeba chake. "Dereva alikuwa analala": "a" ya nafsi ipo huku na ipo kule, na kila kitenzi kina kiambishi chake cha wakati. Kwa sikio lililolelewa hivyo, "did you arrive" inasikika kama kitenzi kilichosahaulika uchi. Sababu nyingine ni mazoezi ya shuleni, ambapo mtoto hufundishwa kwamba akiona "yesterday" aweke kitenzi katika wakati uliopita. Anaweka, na hakuna anayemwambia kwamba katika swali kazi hiyo imekwisha kufanywa na neno la mbele.

Kuna namna nyepesi ya kuiona "do" kabla haijahama. Mzungumzaji wa Kiingereza anapobishiwa na kutaka kusisitiza husema "He does sleep here!", yaani analala hapa, nakuhakikishia. Ile "does" iliyojitokeza katikati ndiyo hiyo hiyo ambayo katika swali inaruka mbele, na katika kukanusha inashikana na "not" na kuwa "doesn't". Anayejifunza akizoea kupitia hatua hiyo ya katikati, "he sleeps", "he does sleep", "does he sleep", swali hujitengeneza lenyewe mdomoni. Dada wetu wa mapokezi afanye hivyo kwa sauti, kwa sentensi zake za kazini, badala ya zile za vitabuni kuhusu Bwana fulani na paka wake.

Mahali pa kuwa mwangalifu ni pale neno moja linapokuwa na kazi mbili. "Have" ni mfano mzuri. Ikiwa na maana ya kumiliki au kuwa na kitu, ni kitenzi cha kawaida na inadai "do": "Do you have a voucher?" Ikiwa inasaidia kitenzi kingine, inaruka yenyewe: "Have you paid?" Anayezichanganya husema "Do you have paid?", na mgeni hubaki akikodoa macho. Zamani Waingereza walisema pia "Have you a room?", na bado utaikuta katika vitabu vya zamani au kinywani mwa mzee wa huko, lakini si ya kuiga kwenye dawati la mapokezi. "Do" nayo ina mapacha. Ukitaka kujua kazi ya mgeni unauliza "What do you do?" Ya kwanza ni msaidizi asiye na maana, ya pili ndiyo kufanya kwenyewe. Ukimuulizia mumewe, alama inakaa kwa msaidizi peke yake: "What does he do?"

Mtu anaweza kuuliza mzigo huu wote umetoka wapi, maana Mjerumani, ambaye lugha yake ina undugu na Kiingereza, mpaka leo hupeleka kitenzi mbele ya mtenda bila msaidizi yeyote. Kiingereza nacho kilikuwa hivyo. Mtu wa kale aliuliza "Know you the road?" na hakuna aliyemcheka. Msomi wa Uswidi, Alvar Ellegård, alipekua maandishi ya karne kadhaa na mwaka 1953 akachapisha kitabu kinachoonyesha jinsi "do" ilivyopanda taratibu kati ya mwaka 1400 na 1700. Enzi za Shakespeare, mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, namna zote mbili zilitumika, hata na mwandishi mmoja katika tamthilia moja. Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Shakespeare mara mbili, katika Juliasi Kaizari na katika Mabepari wa Venisi, bila shaka alikutana nazo bega kwa bega. Kuhusu chanzo, wataalamu wanavutana: wapo wanaoona mkono wa lugha za Kikelti za Wales na Cornwall, na wapo wanaosema Kiingereza kilijizalia chenyewe. Vyovyote iwavyo, maneno machache yaliyotumika mno, kama "is", "can" na "will", yalibaki na desturi ya zamani ya kuruka yenyewe. Hizo tunazoita tofauti na kanuni, kwa kweli ndizo wazee wa nyumba.

Maswali ya wapi, lini, nini na saa ngapi yanaongeza hatua moja tu. Neno la kuuliza linakwenda mwanzo kabisa, na nyuma yake mpangilio ni ule ule wa swali la ndiyo au siyo. "Do you want breakfast?" ikiongezewa saa inakuwa "What time do you want breakfast?" Wengi wetu tunaipatia hatua ya kwanza na kuiacha ya pili, ndipo inapotoka "What time you want breakfast?"

Kinachochangia ni masikio. Katika mazungumzo ya haraka "do you" husagika mpaka inasikika kama "ju" au "dya", na "did you" kama "dija". Anayesikiliza hasikii msaidizi, anadhani hayupo. Tena ni kweli kwamba Waingereza na Wamarekani wenyewe humwangusha wanapoongea kirafiki: "You want tea?" ni swali halali la jikoni. Lakini uhuru huo unaishia kwenye maswali ya ndiyo au siyo, na kwa watu waliozoeana. Ukilitanguliza neno kama "where", msaidizi lazima awepo, na dada wa mapokezi ni salama zaidi akimweka kila mara.

Limebaki swali la nani, ambalo kwa mtazamo wangu ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu hapa "do" inatoweka ghafla. "Nani aliweka nafasi?" kwa Kiingereza ni "Who booked the rooms?", bila "did". Sababu ni kwamba "who" hapa ndiye mtenda mwenyewe, na amekwisha kukaa mbele. Hakuna wa kurukwa, hakuna pengo la kuziba, na alama ya wakati uliopita inabaki ilipokuwa, ndani ya "booked". Lakini "Ulimpigia nani?" ni "Who did you call?", kwa kuwa mtenda ni wewe, na "nani" ni mtendwa aliyesogezwa mbele. Kiswahili kinatusaidia kupambanua. Linganisha "Nani alikupigia?" na "Ulimpigia nani?" Kiambishi cha mwanzo wa kitenzi kinakuonyesha mtenda. Kikiwa ni cha huyo nani unayemtafuta, usilete "do". Kikiwa ni cha mtu mwingine, ilete.

Sasa twende kwenye adabu. Kumuuliza mgeni aliyechoka "Where is your passport?" si kosa la sarufi, ila kunafanana na askari wa mpakani. Kwa Kiswahili tungelainisha kwa "samahani" na "naomba", au kwa ile "nge" ya "ungeniambia". Kiingereza kina njia inayofanana na hiyo ya mwisho: kinachukua "can", kinaipa umbo la wakati uliopita, "could", ambalo hapa halizungumzii jana wala juzi bali linaweka nafasi kidogo kati ya muulizaji na muulizwa. "Could you tell me..." au "Do you know..." ndiyo kilemba, na swali lenyewe linaingia chini yake.

Na hapo mchezo wote unageuka. Swali likishaingia chini ya kilemba, si swali tena kwa mpangilio wake. Linarudi kuwa taarifa. "Where is your passport?" inakuwa "Could you tell me where your passport is?" Neno la kuuliza linabaki mbele, lakini "is" inarudi nyuma ya mtenda. Na kama swali la mwanzo lilikuwa na "do", ile "do" inaondoka moja kwa moja, maana pengo iliyoliziba halipo tena. Chukua swali la dereva. "Where does your driver sleep?" Ondoa "does", na ile "s" iliyokuwa imehamia kwake inarudi kwa mwenyewe: "Could you tell me where your driver sleeps?" Vivyo hivyo "When did you arrive?" inakuwa "Could you tell me when you arrived?" Alama ya wakati uliopita, iliyokuwa kwenye "did", imerejea nyumbani kwenye "arrived".

Kwa hiyo "sleeps" na "arrived", zilizokuwa makosa katika swali la moja kwa moja, ndizo sahihi hapa. Na ajabu yake ni kwamba mpangilio huu unaelekeana na Kiswahili. "Naomba uniambie dereva wako analala wapi": hakuna kilichoruka. Mtu asiyejua kabisa habari za "do" angeweza kuipata sentensi hii kwa bahati tu. Anayeikosea mara nyingi ni yule aliyekwisha kulimudu swali la kawaida, akachukua ustadi wake mpya na kuuingiza mahali usipohitajika: "Could you tell me where does your driver sleep?" Mwalimu anayeliona kosa hili kwa mwanafunzi wake asikate tamaa haraka, mara nyingi ni dalili kwamba somo la kwanza limekaa. Tena si la Waafrika peke yetu. Katika Kiingereza cha Ayalandi watu huzungumza kwa mpangilio wa namna hiyo tangu utotoni, na nchini India unasikika sana, ingawa katika mtihani au barua ya kazi utahesabiwa kosa.

Kinachowachanganya wengine ni sentensi kama "Do you know where he lives?" Mbona "do" ipo? Ipo, lakini ni ya kilemba. Sehemu ya "do you know" ndiyo inayouliza, hivyo ndiyo yenye haki ya kuruka. Kipande cha pili kinatulia. Ukitaka kujikagua, soma kuanzia neno la kuuliza kwenda mbele. Ukikutana na "do", "does" au "did" kabla ya mtenda, umerudia kuruka, ifute na urudishe alama kwenye kitenzi.

Swali la ndiyo au siyo halina "where" wala "when" ya kuliunganisha na kilemba, hivyo linaazima "if". Hapa Kiswahili kinakupa jibu mkononi, maana sisi nasi tunasema "kama". "Naomba kujua kama dereva wako analala hapa" ni "Could you tell me if your driver sleeps here?" Na kwa kuwa tunamaanisha usiku wa leo peke yake, mwenye sikio atasema "if your driver is sleeping here". "Whether" inaweza kukaa mahali pa "if", hasa katika maandishi au pale "or not" inapofuata. Alama ya kuuliza huwekwa mwishoni iwapo kilemba chenyewe ni swali. Kilemba kikiwa taarifa, kama "I would like to know where your driver sleeps", unamaliza kwa nukta.

"Who" ya mtenda hapa haisumbui hata kidogo. "Who booked the rooms?" inaingia chini ya kilemba jinsi ilivyo, "Could you tell me who booked the rooms?", kwa kuwa tangu awali haikuwa imehamisha kitu. Ndiyo sababu "Could you tell me what happened?" na "Could you tell me what is wrong?" ni sahihi, ingawa mwanafunzi mwenye bidii hutaka kuzigeuza iwe "what wrong is". Hapa "what" ndiyo mtenda, hakuna mwingine wa kuwekwa kati.

Kisha kuna "do you think", ambayo haitaki kukaa mbele kama vilemba vingine. Dereva hajarudi, saa tatu ya usiku imepita, na dada anataka kumuuliza mgeni anadhani yuko wapi. Hawezi kusema "Do you think where he is?" Neno la kuuliza linalivuka lile fungu zima na kwenda mwanzo kabisa, "do you think" inafuata ikiwa katika mpangilio wa swali, na kipande cha mwisho kinabaki taarifa: "Where do you think he is?" Akitaka kujua dereva amekwenda kula wapi, ni "Where do you think he went?", na "went" inabaki na alama yake, kwa sababu "do" iliyo mbele ni ya kudhani kwa mgeni na haihusiani na safari ya dereva.